6 imegeuka 8: kutatua hitilafu za skani za nyeusi na nyeupe

Malalamiko haya nimeyakuta mara nyingi katika ofisi ninazohudumia kati ya Moi Avenue na lango la bandari ya Kilindini: kwa mawakala wa forodha, wahasibu, mawakili, na maduka ya fotokopi yanayowahudumia wote hao. Yote yanahusu karatasi iliyoskaniwa kwa nyeusi na nyeupe kisha ikabanwa ili faili iwe ndogo. Nimeyapanga kwa dalili, na chini ya kila dalili nimeanza na chanzo kinachojitokeza zaidi. Dalili ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu ndiyo isiyojitangaza. Nyingine zote utaziona kwa macho.

Mambo mawili kabla hujagusa chochote. Karatasi ya asili isichanwe wala isitupwe, kwani huenda ndiyo shahidi pekee uliyebaki naye. Na faili unayoishuku usiihifadhi upya kwa programu yoyote. Toa nakala yake, ufanyie kazi nakala.

Dalili ya kwanza: karatasi inasema 6, skani inasema 8, na maandishi ni safi kabisa

Mzee mmoja, wakala wa forodha wa miaka mingi, alinipigia simu asubuhi moja. "Mwanangu, njoo unitazamie hii kompyuta, kijana wangu ananiambia si yeye." Kijana wake alikuwa ameingiza uzito wa mizigo kutoka kwenye orodha ya upakiaji iliyoskaniwa. Mistari ilikuwa mitano: 1,284, 968, 1,156, 882 na 1,430. Jumla iliyochapwa chini ya orodha hiyo hiyo ilikuwa kilo 5,700. Kompyuta ikajumlisha ikapata 5,720. Mzee akaona wazi kuwa kijana amekosea kuchapa, na kijana akaapa kwamba hajakosea.

Nikafungua PDF. Mstari wa nne ulisomeka 882, bila ukungu, bila doa. Kijana alikuwa amechapa alichokiona. Tukaitoa karatasi kwenye jalada: 862. Sita ile ilikuwa sita safi, hata mtu asiye na miwani angeisoma.

Hapa ndipo watu wengi hukwama, maana tumezoea kwamba skani mbaya huonekana mbaya. Herufi huvunjika, wino huvimba, nasi huenda kutafuta karatasi. Skani hii haikuwa mbaya kwa macho. Ilikuwa nzuri, ila imesema uongo.

Nikaikuza picha hadi asilimia 800. Zile 8 mbili za 882 zilikuwa pacha: pikseli kwa pikseli, ukingo kwa ukingo, hata kijipengo kidogo kwenye kiuno upande wa kushoto kilikuwa kwa zote mbili mahali pale pale. Nikaangalia 8 ya 1,284 na 8 ya 968, nazo zina kijipengo hicho hicho. Karatasi halisi haitoi kitu kama hicho. Wino hausambai sawasawa mara mbili, na jicho la skana haliangukii mahali pamoja kwenye kila tarakimu. Ukikuta tarakimu kadhaa zilizo nakala kamili za mwenzao, ujue hutazami picha za tarakimu zile. Unatazama muhuri mmoja uliogongwa mara nyingi.

*Muhuri huo unatoka wapi*

Njia ya zamani ya kubana picha ya nyeusi na nyeupe ni ile ya faksi, CCITT Group 4, iliyowekwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1984. Yenyewe huenda mstari baada ya mstari wa pikseli, ikiandika ni wapi weusi unaanza na unaishia ukilinganisha na mstari wa juu yake. Haijui herufi ni nini. Kwa sababu haijui, haiwezi kubadilisha moja kwa nyingine. Na ukifungua faili, kila pikseli inarudi ilivyokuwa.

JBIG2, kiwango cha mwaka 2000, hubana zaidi kwa sababu inaweza kufanya jambo ambalo Group 4 haifanyi. Hukata ukurasa kuwa vipande, kila doa jeusi lililoungana likiwa kipande kimoja, yaani kwa kawaida herufi au tarakimu moja. Kipande cha kwanza hukiweka kwenye kamusi yake kama muhuri wa mpira. Kikija cha pili kinachofanana nacho, hakiwekwi tena. Huandikwa tu kwamba muhuri namba fulani ugongwe mahali fulani. Ukurasa wenye nane mia moja unaweza kuhifadhi picha ya nane moja tu.

Kiwango chenyewe hakilazimishi hatari. Kinaruhusu kuhifadhi na ile tofauti iliyobaki kati ya muhuri na kipande halisi, na hapo hakuna kinachopotea. Kinaruhusu pia kubana pikseli moja kwa moja bila mihuri yoyote. Hatari huja pale programu inapochagua njia ya tatu: kugonga muhuri na kuitupa ile tofauti. Basi kila kitu kinategemea jibu la swali moja, kwamba vipande viwili vinafanana kiasi gani ili vihesabiwe kuwa kimoja.

Sasa pima tarakimu ya orodha ile. Ilichapwa kwa maandishi ya pointi 7 na kuskaniwa kwa dpi 200, yaani nukta 200 kwa kila inchi. Tarakimu ya ukubwa huo ina urefu wa pikseli 14 hivi. Kinachoitofautisha 6 na 8 ni mwanya wa juu kulia, na kwa kipimo hicho mwanya huo ni pikseli mbili au tatu. Lakini hata 8 mbili halali, zikiskaniwa, hutofautiana kwa pikseli kadhaa kwenye kingo. Programu iliyoambiwa isijali tofauti ndogo haina njia ya kujua kwamba pikseli tatu hizi ni mwanya na zile ni uchafu wa ukingo. Inaigonga 8 juu ya 6 na kuendelea.

Hili lilijulikana dunia nzima mwezi Agosti 2013, pale David Kriesel, mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, alipoonyesha ramani ya nyumba iliyopitishwa kwenye mashine ya Xerox WorkCentre. Vyumba vitatu vilivyoandikwa mita za mraba 14.13, 21.11 na 17.42 vyote vilitoka vimeandikwa 14.13. Kampuni ilielekeza kwanza kidole kwenye mpangilio wa ubora uliochaguliwa. Baadaye ikabainika kuwa hata mpangilio wa juu ulibadilisha tarakimu, na marekebisho ya programu ya ndani ya mashine yakaanza kutolewa mwezi huo huo. Mwaka 2015 taasisi ya usalama wa mitandao ya Ujerumani, BSI, iliiondoa JBIG2 kwenye njia zinazokubalika za kuskani nyaraka ambazo karatasi yake itaharibiwa.

*Uhakiki wa haraka, bila kufungua mashine*

Anza na hesabu kama waraka una jumla. Jumlisha mistari mwenyewe, kisha tazama tofauti kati ya jibu lako na jumla iliyochapwa. Tofauti ya 2, 20 au 200 inanukia 6 na 8. Tofauti ya 5, 50 au 500 inanukia 3 na 8, na ya 8, 80 au 800 inanukia 0 na 8. Kwa mzee yule tofauti ilikuwa 20, nasi tukaenda moja kwa moja kwenye safu ya makumi kutafuta 8 isiyo yake. Ilituchukua dakika moja. Kumbuka tu kwamba jumla nayo imeskaniwa na inaweza kuwa ndiyo iliyogeuka.

Namba ya kontena ina ulinzi wake ndani. Tarakimu ya mwisho, ile inayochorwa ndani ya kisanduku ubavuni mwa kontena, hukokotolewa kutokana na kumi zilizotangulia. Chukua namba inayotumika sana kufundishia, CSQU3054383. Kila herufi ina thamani yake: C ni 13, S ni 30, Q ni 28, U ni 32. Alama ya kwanza huzidishwa kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, na kuendelea kwa kuongeza maradufu hadi ya kumi inayozidishwa kwa 512. Ukijumlisha yote unapata 6,185. Gawanya kwa 11, inabaki 3, nayo ndiyo tarakimu ya mwisho. Sasa tuseme skani imeigeuza 8 ya pili kutoka mwisho kuwa 6. Jumla inashuka kwa 1,024 na kuwa 5,161, na ukigawanya kwa 11 inabaki 2. Namba imejikana yenyewe. Karibu kila tarakimu moja ikibadilika hunaswa hivi. Kuna tundu moja dogo: baki ya 10 huandikwa 0, kwa hiyo namba zinazoishia na 0 zitazame kwa macho pia.

Namba za simu, za akaunti, za ploti na za vipimo vya dawa hazina jumla ya kukusaidia. Hizo ni za watu wawili: mmoja anasoma kwa sauti kutoka kwenye karatasi, tarakimu moja moja, mwingine anafuata kwenye skrini. Asome wa karatasi, asisome wa skrini. Anayesoma skrini kwa sauti humfanya mwenzake aone kwenye karatasi kile alichokwisha kukisikia.

*Vyanzo, kuanzia kilicho cha kawaida zaidi*

Chanzo ninachokikuta zaidi ni mpangilio wa mashine yenyewe. Mtu aliambiwa faili ni kubwa mno, haipandi kwenye mfumo au haiendi kwa barua pepe, akaingia kwenye menyu akachagua faili ndogo kabisa au PDF iliyobanwa zaidi. Mashine kubwa za ofisi hazikuambii pale kwenye skrini kwamba chaguo hilo linagonga mihuri. Rudi kwenye menyu ya faili, tafuta palipoandikwa aina ya ubanaji, na kwa nyeusi na nyeupe chagua `CCITT Group 4`, ambayo mashine nyingine huiandika `G4` au `MMR`. Kama menyu hiyo haipo, skani kwa TIFF ya nyeusi na nyeupe au kwa kijivu, ubane baadaye kwenye kompyuta. Pandisha dpi kutoka 200 hadi 300 pia. Tarakimu ile ya pikseli 14 inakuwa ya pikseli 20, na mwanya wa 6 unapanuka. Lakini dpi peke yake si tiba, inapunguza tu uwezekano.

Kwa mzee yule ndicho kilichokuwa chanzo. Tuliibadili mashine iwe Group 4 na dpi 300, tukaskani karatasi ile ile mara tatu, na mara zote tatu 862 ikatoka 862. Faili ilikua mara kadhaa, bado ikiwa ni makumi ya kilobaiti kwa ukurasa. Kwa kiasi hicho kidogo cha nafasi kijana alikuwa karibu apoteze kazi.

Chanzo cha pili ni programu inayobana baada ya kuskani. Mashine imetoa faili nzuri, kisha mtu kaipitisha kwenye Acrobat au kwenye programu ya kupunguza PDF. Katika Acrobat, sehemu ya picha za rangi moja hutoa `CCITT Group 4`, `JBIG2 (Lossless)` na `JBIG2 (Lossy)`. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kuikimbia. Hizo mbili za mwanzo ni salama. Wanaotumia `jbig2enc` kwenye Linux, hatari iko kwenye alama `-s`, inayowasha mihuri. Bila hiyo, programu hubana pikseli zote bila kupoteza. Njia salama kutoka TIFF ya nyeusi na nyeupe ni hii:

```
tiffcp -c g4 ukurasa.tif ukurasa-g4.tif
img2pdf ukurasa-g4.tif -o ukurasa.pdf
```

Chanzo cha tatu huwashangaza watu: waliskani kwa rangi wakidhani wamekwepa. PDF za rangi zilizobanwa sana hupasua ukurasa kuwa tabaka. Karatasi na mihuri ya rangi huwekwa kwenye tabaka hafifu, na maandishi hutolewa kuwa tabaka la nyeusi na nyeupe juu yake. Tabaka hilo la maandishi mara nyingi hubanwa kwa JBIG2, basi tarakimu zinaweza kubadilika ndani ya ukurasa unaoonekana wa rangi kabisa.

Chanzo cha nne, adimu kuliko vyote, ni kosa katika programu ya ndani ya mashine, kama lile la 2013. Mipangilio yote iko sawa lakini tarakimu bado zinabadilika. Mashine nyingi za ofisi zetu hununuliwa zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo, na hakuna aliyewahi kuzisasisha tangu zitoke huko. Kwa hiyo adimu si sawa na haiwezekani.

*Kuthibitisha ndani ya faili*

Programu ya bure ya `pdfimages`, inayokuja na Poppler, hukuonyesha kila picha iliyomo kwenye PDF na namna ilivyobanwa:

```
pdfimages -list orodha.pdf
```

Tazama safu ya `enc`. Ikiandikwa `ccitt`, faili hiyo haikugongwa mihuri, angalau si katika ubanaji wa mwisho. Ikiandikwa `jbig2`, inawezekana. Bado hujui kama ni ya kupoteza au la. Kwenye PDF ya rangi tazama pia safu ya `type`: mstari wa `stencil`, `mask` au `smask` wenye `jbig2` ndilo lile tabaka la maandishi nililolitaja. Baada ya hapo kuza ukurasa utafute pacha. Pacha kamili wakiwa wengi, mihuri imetumika na tofauti imetupwa. Hilo halithibitishi kwamba tarakimu fulani ni ya uongo. Linathibitisha kwamba faili hiyo haiwezi kusimama bila karatasi yake.

Na hili nalisisitiza kwa sababu nimeona likifanywa kwa nia njema: kuigeuza faili ya JBIG2 kuwa Group 4 hakurudishi chochote. Sita ilishatupwa. Utakachopata ni nane ya uongo iliyohifadhiwa kwa uaminifu, na safu ya `enc` sasa itamdanganya atakayekuja kukagua baada yako.

*Jaribio la mashine*

Ukitaka kuijaribu mashine, chapisha ukurasa wa tarakimu zinazochanganywa kwa urahisi. Amri hii ya Linux hutengeneza mistari 60:

```
for i in $(seq 60); do
  shuf -r -n 12 -e 0 3 5 6 8 | tr -d '\n'; echo
done > jaribio.txt
```

Uchapishe kwa pointi 7, uskani kwa mipangilio ile ile ofisi inayoitumia kila siku, kisha ulinganishe na faili ya `jaribio.txt`. Tarakimu moja ikibadilika, mashine imeshindwa na hakuna mjadala. Isipobadilika hata moja, usiipe cheti. Kubadilika kunategemea fonti, hali ya karatasi na ilivyolala kwenye kioo, na ukurasa wa kesho unaweza kuwa tofauti na wa leo.

*Simama hapa, mwite fundi*, ukiona tarakimu zinabadilika hata baada ya kuchagua Group 4. Hapo ni suala la programu ya ndani ya mashine, na kuisasisha ni kazi ya fundi aliyeidhinishwa na wenye mashine, maana sasisho lisilolingana linaweza kuiua. Mpe karatasi ya jaribio na skani yake, mwandikie pia mipangilio uliyotumia. Mpaka atakapomaliza, mashine hiyo isiskani kitu chochote chenye tarakimu.

Dalili ya pili: tarakimu imevimba au imevunjika, haijulikani ni 6 au 8

Watu huleta hii wakiita ubadilishaji, lakini si yenyewe. Tofauti yake ni kwamba hapa uharibifu unaonekana, na kila tarakimu imeharibika kwa namna yake, hutakuta pacha.

Mara nyingi ni kiwango cha weusi. Ili kupata nyeusi na nyeupe, skana huamua kila nukta ya kijivu iende upande gani. Ikiwa imewekwa nzito mno, mwanya wa 6 unazibwa na wino. Nyepesi mno, tumbo la 8 linakatika ikaonekana 3. Sogeza kitufe cha giza na mwanga hatua moja moja ukijaribu ukurasa ule ule. Baada ya hapo tazama kioo. Hewa yetu ya pwani huacha ukungu wa chumvi na unyevu kwenye kioo cha mashine iliyo karibu na dirisha. Kitambaa laini chenye maji kidogo kinatosha, mashine ikiwa imezimwa. Karatasi za kaboni na risiti za joto zilizofifia hazitapona kwa lolote kati ya haya. Hizo ziskani kwa kijivu, dpi 300, uachane na nyeusi na nyeupe.

Uangalie jambo moja: skani iliyovimba ndiyo chakula cha dalili ya kwanza. Mwanya wa 6 ukishazibwa nusu, ubanaji wa mihuri unamalizia kazi.

Dalili ya tatu: picha ni sahihi, lakini ukinakili maandishi tarakimu zinabadilika

Kwenye skrini unaona 862, ukiichagua na kuibandika kwenye barua inatoka 882. Hapa ubanaji hauna kosa. PDF nyingi za skani zina tabaka la maandishi lisiloonekana, lililowekwa na programu ya OCR iliyojaribu kuisoma picha, nayo imesoma vibaya. Futa tabaka hilo uisomeshe upya kutoka kwenye skani ya dpi 300 au zaidi, na fedha na namba zihakikiwe na mtu. Picha iliyo juu yake ndiyo ya kuaminiwa, mradi imepita kwenye uhakiki wa dalili ya kwanza. Faili moja inaweza kuwa na magonjwa yote mawili, na hapo OCR huisoma sawasawa ile 8 ya uongo, kila kitu kikakubaliana na kingine isipokuwa karatasi.

Dalili ya nne: ukurasa umetoka mweusi wenye herufi nyeupe, au mtupu kabisa

Weusi na weupe kupinduka ni suala la alama ndani ya faili inayosema sifuri ni rangi gani. Programu mbili hazikuelewana. Fungua kwa programu nyingine ya kusoma PDF. Ukionekana sawa huko, data ni nzima na tatizo ni la msomaji. Ukurasa mtupu kwenye programu ya zamani mara nyingi ni JBIG2 ambayo haiijui. Nayo jaribu programu mpya zaidi kabla hujaskani upya.

Dalili ya tano: jalada zima la zamani linashukiwa, na karatasi zilishachomwa

Hii ndiyo simu nzito kuliko zote. Ofisi imeskani miaka yake yote, imechoma karatasi ili kupata nafasi, na leo kuna namba moja inayobishaniwa.

Anza kwa kutenga. Pitisha `pdfimages -list` kwenye faili zote na uziweke mafungu mawili, zenye `jbig2` na zisizo nayo. Fungu la `ccitt` liweke pembeni kama lenye unafuu, isipokuwa unajua kuna mtu aliyewahi kuzigeuza. Kwenye fungu la `jbig2` fungua kurasa chache za kila mwaka utafute pacha. Kwa kawaida utaona mpaka: kabla ya mwezi fulani hawapo, baada yake wapo kila mahali. Mpaka huo ni siku mashine ilipobadilishwa au mpangilio ulipoguswa, na unakupa kipindi kinachohitaji kuhakikiwa.

Kwa kipindi hicho tafuta nakala zilizopita njia nyingine. Shehena moja huacha karatasi kwa msafirishaji, benki, bima na mnunuzi, na ni nadra wote wawe wamezipitisha kwenye mashine moja. Mkataba una pande mbili. Andika maelezo mafupi kwenye jalada kwamba faili za kipindi fulani zilibanwa kwa JBIG2 ya kupoteza, ili atakayezifungua baadaye azihakiki kabla ya kuzitegemea.

Kama namba inayobishaniwa iko kwenye hati ya ardhi, cheti cha dawa, ramani ya ujenzi au waraka ulioko mahakamani, usiendelee mwenyewe. Zuia mkono, hifadhi faili ya asili bila kuigusa pamoja na tarehe zake, na umpe wakili aitafutie mchunguzi wa nyaraka. Hati ya ardhi ithibitishwe kwa rekodi za msajili, na cheti cha dawa kwa daktari aliyeandika. Kukisia 6 au 8 kwa kutazama umbo la tarakimu kwenye faili hiyo hakuna maana, kwa sababu umbo unalolitazama lilikatwa kutoka mahali pengine kwenye ukurasa.